Nilivyoziokoa boriti za IPE 360 kwa kuzifunga na slabu

Nilipoitwa kwenye jengo hilo la Morogoro, boriti zilikuwa zimeshanunuliwa na kulazwa uwanjani: IPE 360, yaani umbo la I lenye kimo cha milimita 360, chuma cha S275, kila moja ya mita 9. Ghorofa ya juu ilikuwa ya ofisi. Boriti zingepangwa kila baada ya mita 3, zikiegemea nguzo ncha zote mbili bila kuendelea, na juu yake slabu ya zege ya milimita 120, zege la C25/30. Mwenye jengo alikuwa na swali moja: zinatosha?

Nilianza na chuma peke yake. Slabu ina uzito wa 3 kN kwa mita ya mraba, umaliziaji wa sakafu 1.5, watu na samani 3, na kuta nyepesi za kugawa vyumba 1. Ukizidisha kwa vigezo vya usalama vya Yurokodi, kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, na kuongeza uzito wa boriti yenyewe, unapata karibu 37 kN kwa kila mita ya boriti. Momenti ya kupinda katikati ni 374 kNm, na IPE 360 tupu ya S275 inabeba 280. Haitoshi. Kununua boriti nyingine kubwa ilikuwa njia mojawapo, lakini slabu ilikuwa inakuja juu ya chuma hicho kwa vyovyote vile, kwa hiyo niliamua kuifanyisha kazi pamoja na boriti, viwili hivyo vikiunganishwa kwa vishikizo vya chuma.

Jambo la kwanza ni kujua ni kiasi gani cha slabu kinachosaidia boriti. Boriti haivuti zege lote la mita 3 kwa nguvu sawa. Zege lililo mbali na boriti linabaki nyuma, halibanwi kama lile lililo juu ya flanji, bamba la juu la boriti. Yurokodi 4 inatoa upana fanisi kwa boriti isiyoendelea: moja ya nane ya urefu kila upande, bila kuvuka nusu ya nafasi kati ya boriti. Mita 9 ukigawa kwa 8 ni mita 1.125, pande mbili, mita 2.25. Nusu ya nafasi ni mita 1.5, kwa hiyo haikuzuia kitu. Kwa boriti ya pembeni, yenye slabu upande mmoja tu, hesabu hii inafanywa upya. Usiichukue ya katikati ukaibandika huko.

Kisha ukakamavu. Zege hugeuzwa kuwa chuma kwa kugawa upana wake kwa uwiano wa moduli, yaani ukakamavu wa chuma ukilinganishwa na wa zege. Chuma ni 210 GPa na zege hili ni 31, uwiano ni 6.8. Lakini zege lililobanwa miaka mingi linaendelea kujifinya taratibu, na kwa majengo ya kawaida Yurokodi 4 inaruhusu kuchukua nusu ya moduli ya zege kwa mizigo yote, ya muda mfupi na ya kudumu. Uwiano ukawa 13.5. Upana wa 2,250 mm uligeuka kuwa ukanda wa 166 mm tu wa chuma, wenye kina kilekile cha 120 mm.

Sasa unatafuta kitovu cha vitu viwili: eneo la boriti, 7,273 mm² kwenye kimo cha 180 mm kutoka chini, na ukanda wa zege, takriban 19,900 mm² kwenye kimo cha 420. Mhimili usiobanwa wala kuvutwa ukaangukia 356 mm, ndani ya flanji ya juu. Nilifurahi kuuona hapo: slabu yote inabanwa, hakuna zege linalovutwa. Momenti ya pili ya eneo, kipimo cha umbo linavyokataa kupinda, ilitoka 49,350 cm⁴, dhidi ya 16,270 za boriti tupu. Mara tatu, bila kilo moja ya ziada ya chuma cha boriti.

Nilijaribu kutikisa hesabu hiyo. Nikirudisha uwiano wa 6.8 na kuhesabu zege lote, napata karibu 56,400: moduli ya zege mara mbili imeongeza ukakamavu kwa asilimia 14 tu. Nikichukua mita 3 zote za upana badala ya 2.25, naongeza asilimia 6. Kwa hiyo mhandisi anayebishana siku nzima kuhusu upana fanisi kwenye boriti kama hii anabishania kidogo. Kinachobadilisha sakafu ni namna ya kumwaga zege.

Zege bichi likibebwa na boriti tupu, katikati inashuka 24 mm kabla muungano haujaanza, na kushuka huko hakurudi. Zege pia hujaa kwenye bonde hilo na kuongeza uzito. Lakini ukisimamisha mirunda chini ya mbao za slabu na chini ya boriti zenyewe, ukaiacha mpaka zege likomae, uzito uleule unabebwa na sehemu iliyoungana na unashusha 8 mm. Uwezo wa mwisho wa kubeba haubadiliki kwa njia yoyote kati ya hizo mbili; kinachobadilika ni kushuka. Nikaagiza mirunda. Mizigo ya watu na kuta ingeongeza 10 mm, na kikomo tulichojiwekea cha urefu kugawa kwa 360 ni 25.

Vishikizo ndivyo vinavyoleta haya yote. Nilichagua vijiti vya chuma vyenye kichwa, kipenyo 19 mm na urefu 100 mm. Kwa zege hili, kinachotangulia kushindwa si kijiti bali zege linalokizunguka: 73.7 kN kwa kimoja, wakati kijiti chenyewe kingefika karibu 82. Ili chuma chote cha boriti kifanye kazi, nguvu inayopita kwenye mpaka wa chuma na zege ni eneo la boriti, 7,273 mm², mara nguvu ya chuma cha S275, 275 N kwa mm², yaani 2,000 kN. Gawa: 27.1, sema 28.

Fundi mkuu akaniuliza, “Injinia, hivi 28 ni vya boriti nzima?” Hapana, fundi: ni vya kutoka kwenye egemeo hadi katikati, kwa sababu nguvu hiyo yote lazima ijengeke ndani ya nusu ya boriti. Boriti nzima ni 56. Swali lake lilikuwa zuri, maana mchoro ulioandikwa idadi bila kusema ni ya sehemu gani unaweza kukuachia nusu ya vishikizo.

Lakini vyote 56 havikuhitajika. Muungano kamili ungebeba 537 kNm nasi tunahitaji 374. Ukipanda kwa mstari ulionyooka kutoka 280 hadi 537, muungano wa asilimia 37 unatosha. Kanuni haituruhusu kushuka chini ya 40 kwa boriti hii. Nikaenda juu zaidi kwa sababu ya kushuka: ukiwa na angalau nusu ya vishikizo vya muungano kamili, unaruhusiwa kupuuza utelezi kati ya zege na chuma unapohesabu mnyumbuko. Nikaweka 15 kila nusu, kimoja kila 300 mm. Boriti nzima 30.

Uwanjani nilisimamia mambo mawili. Flanji isiwe na rangi, kutu wala unyevu pale kijiti kinapochomewa. Na baada ya kuchomelea, kila kijiti kiwe na kola ya chuma iliyoyeyuka inayozunguka shina lote. Chenye pengo kilikunjwa kwa nyundo takriban digrii 15 kuelekea upande usio na pengo, ili upande dhaifu ndio uvutwe. Kisichopasuka kiliachwa kimekunjwa hivyohivyo, kilichopasuka kikachomewa upya.

Nondo za kuvuka boriti, chini ya vichwa vya vishikizo, nilizihesabu kando, kwani bila hizo slabu inaweza kupasuka kwa urefu juu ya boriti. Mirunda ilitolewa baada ya vipande vya majaribio vya zege kufikia nguvu yake. Tulipima kwa levo: katikati zilishuka kati ya 6 na 7 mm, na hesabu yangu ya muda mfupi, kwa uwiano wa 6.8, ilikuwa 6.9.