Kinyume cha Bichi

Orodha niliikabidhiwa na mwalimu wa taaluma, imeandikwa kwa kalamu nyekundu mgongoni mwa karatasi ya mahudhurio. Yalikuwa maneno ishirini ya sifa, na juu yake agizo moja: andika kinyume cha maneno yafuatayo. Lilikuwa jaribio la Kiswahili, Darasa la Tano. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni pale Mikindani, na kazi za namna hiyo humwangukia mgeni. Nitengeneze majibu ya kusahihishia, kisha karatasi ipelekwe mjini Mtwara ikatolewe kopi.

Yale ya juu yalikwenda bila shida: refu, fupi, zito, jepesi, hai, mfu. Nikafika kwenye "bichi" nikaandika "bivu", nikataka kuendelea. Mwalimu wa darasa la nne, mama mtu mzima ambaye shule nzima ilimwita Madamu, alikuwa anasahihisha madaftari meza ya pili. Akachungulia karatasi yangu.

"Bichi kitu gani, mwanangu?"

Nikamwambia swali halisemi, ni neno tu. Hakujibu. Mtoto mmoja alikuwa anapita na ndoo, akamwita mlangoni akamuuliza kinyume cha bichi. Mtoto akasema kavu. Kavu nini? Kuni, madamu. Akamwita na wa pili, ambaye kwao wanauza samaki. Huyu naye akasema kavu, ila yeye alikuwa na samaki kichwani: wabichi wanauzwa asubuhi, wakavu ndio wanaosafirishwa. Wa tatu ndiye aliyetoa bivu, na huo ulikuwa msimu wa embe.

Hakuna aliyekosea hata mmoja. Embe bichi kinyume chake ni embe bivu, kuni mbichi ni kuni kavu, na nyama mbichi ni nyama iliyopikwa. Neno moja, vinyume vitatu, na cha tatu wala si kivumishi kimoja bali ni kitenzi kilichofanywa sifa. Mwongozo wangu ungempa alama mmoja na kuwanyima wawili, tena kwa sababu tu mimi nilipoandika nilikuwa nafikiria tunda.

Nikafungua kamusi iliyokuwa kabatini. Ilieleza maana vizuri, lakini vinyume haikutoa. Basi tukakaa na Madamu tukaanza upya, na alichonifundisha jioni ile ndicho ninachokitumia mpaka leo. Kila neno alilipeleka na kulirudisha. Kinyume cha bichi tumeona kinatawanyika. Haya, geuza: kinyume cha bivu ni nini? Embe bivu, ndizi mbivu, papai bivu, kote jibu ni bichi. Upande mmoja una majibu mengi na upande wa pili una moja. Basi mtihani uulize kutoka upande wenye jibu moja.

Tukaipitia orodha yote hivyo. "Embamba" ilikuwemo. Mtu mwembamba kinyume chake mnene, barabara nyembamba kinyume chake pana. Ukiuliza "pana" mtoto hana pa kupotelea, atasema nyembamba tu. "Rahisi" nayo ilikuwemo: swali rahisi hupingwa na swali gumu, lakini bei rahisi hupingwa na bei ghali, na mtoto anayetumwa dukani kila siku atakumbuka bei kwanza. Tukaandika "ghali". "Baridi" ilitufurahisha. Mimi niliandika "moto", Madamu akanikumbusha kuwa mtu wa pwani akisema kisima cha maji baridi hazungumzii joto, anasema hayana chumvi. Hapo kugeuza hakukusaidia, maana tatizo lilikuwa neno lina maana mbili. Tukaweka nomino pembeni, "chai baridi", na mgogoro ukaisha. Mwishowe karibu kila neno tulilipa nomino yake.

Yaliyobaki ndiyo yaliyotukalisha hadi giza. Kwanza "ekundu". Nyeupe na nyeusi watu wamekwisha kuzipanga kuwa mbili zinazotazamana, lakini nyekundu haina inayoitazama. Mwalimu wa taaluma alipopita akapendekeza tukubali "isiyo nyekundu". Madamu akamwambia huko ni kukanusha, si kinyume, na akampa kipimo. Chukua jozi, useme "si hiki wala si kile". Unaweza kusema huyu si mrefu wala si mfupi, na watu wakakuelewa, kwa sababu katikati pana nafasi. Kwa hiyo "si mrefu" haitoshi kuwa "mfupi". Lakini huwezi kusema kuku huyu si hai wala si mfu. Pale ambapo hapana katikati, kukanusha na kinyume vinakutana. Sasa kitu kisicho chekundu kinaweza kuwa cha bluu, cha kijani au cheupe. Utasahihisha nini? Tukaifuta ekundu.

La pili lilikuwa "yatima", lililoingizwa kwa kuwa tunasema mtoto yatima kama tunavyosema mtoto mdogo. Nikajaribu "mwenye wazazi". Ni maelezo, hakuna anayemwita mtoto hivyo. Madamu alisema lugha haijajisumbua kumtafutia jina aliye na wazazi wake kwa sababu ndivyo watoto wengi walivyo. Kilichopewa jina ni msiba. Kisha akataja, kwa sauti ya chini, viti vya darasani ambavyo vina yatima. Tukalifuta nalo, na hilo sikuhitaji kupimiwa.

La tatu tuliliacha: "tupu", tukaliandika "kopo tupu". Kivumishi cha kulipinga hakipo, lakini kila mtu anasema kopo lililojaa, na hayo ni maneno ya kawaida kabisa. Tukakubaliana kwamba kama watu wenyewe hulipinga neno kwa kitenzi, mtoto naye aruhusiwe. Ndiyo tofauti na yatima: huku kuna msemo unaotumika kila siku, kule tungetunga sisi.

Mwalimu wa taaluma hakupenda kuona ishirini zimepungua, tukampa "butu" na "bovu" kufidia. "Kisu butu" kilipita moja kwa moja, jibu lake ni kikali, ingawa ukiuliza "kali" utaletewa pia mpole. "Bovu" tuliipa redio, tukategemea "nzima".

Siku ya kusahihisha, kwenye kopo tupu wengi waliandika lililojaa, tukawapa. Binti mmoja akaandika "kopo lenye kitu". Mwalimu wa taaluma akataka kukata. Nikampinga: kopo likitiwa maji ya kufunika kitako tu, si tupu tena, wala halijajaa. Kwa kipimo cha Madamu, kati ya tupu na lililojaa pana nafasi kubwa, lakini kati ya tupu na lenye kitu hapana hata chembe. Ukilipima hivyo, jibu la yule binti lilikuwa sahihi kuliko la kwetu.

Mwalimu wa taaluma akampa nusu alama. Madamu akachukua kalamu, akaifuta ile nusu, akaandika moja, akaweka sahihi yake pembeni.