Tathmini niliyoiandika mara mbili
Nimemaliza tathmini ya utendaji ya muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi yetu ya wazazi, na rasimu ya kwanza niliichana mwenyewe. Jina la mgonjwa sikuliandika, lakini niliweka tarehe, namba ya kitanda na jambo moja la nadra kuhusu uzazi wake, ambalo sitalitaja hata hapa. Kwa wodi ndogo, hayo yanatosha kumtambulisha. Nilipoandika upya nilibakiza matendo ya muuguzi tu: mama alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, aliita msaada huku akikanda mfuko wa uzazi, akamtaja kila mwenzake kwa jina na kumpa kazi moja, naye aliyepewa akairudia kwa sauti kabla ya kuifanya.

Kwenye uandishi wa kumbukumbu za mgonjwa nilimpunguzia alama, ingawa moyo uliniuma. Shinikizo la damu lilionekana kupimwa kila dakika 15 barabara, kwa mwandiko uliotulia mno kwa usiku ule, na alikiri kwamba alijaza baadaye. Tulikubaliana kwamba maelezo yaliyochelewa yaandikwe waziwazi kuwa yamechelewa, yakionyesha saa ya tukio, saa ya kuandika na sahihi yake.