Nilivyomaliza katoni ya chaja na waya mbovu bila kuwasha moto

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kutoa shaba kwenye waya mbovu alinipa jibu moja: choma, shaba itabaki. Ushauri huo unaniudhi sana. Ganda la waya nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na mapafu, na dioksini, sumu inayobaki kwenye majivu na udongo wa pale pale watoto wanapochezea. Hata kwa upande wa pesa ni hasara, kwani shaba iliyoungua hutoka nyeusi na mnunuzi wa vyuma chakavu huishusha daraja.

Katoni yangu ilitoka kwa fundi simu hapa Nairobi. Nilianza kwa kutenga waya nene za umeme, zile za kompyuta na printa, kwa sababu shaba ya maana imo humo. Nyingi zimeandikwa kwenye ganda 3G 0.75 mm², maana yake nyuzi tatu, kila moja ikiwa na shaba yenye mkato wa eneo hilo. Kila mita inabeba takriban gramu 20 za shaba, kwa hiyo waya wa mita moja na nusu unatoa kama gramu 30. Waya 33 za aina hiyo zinakupa karibu kilo nzima. Waya mwembamba wa USB, kwa mita hiyo hiyo, mara nyingi haufiki gramu 5. Usipoteze mchana kuumenya, upeleke mzima.

Kumenya ndiko ninakojivunia. Niligongomea misumari miwili kwenye ubao, ikiachana upana wa waya tu, kisha nikabana wembe wa kisu cha karatasi mbele yake kwa mshazari, ncha ikigusa ganda bila kufika kwenye shaba. Waya nilizianika juani kwanza mpaka PVC ikalegea. Unachana mwanzo kidogo kwa mkono, unapitisha kati ya misumari, unavuta kwa koleo, na ganda linapasuka mstari mmoja hadi mwisho. Nyuzi tatu za ndani zinapita vivyo hivyo baada ya kusogeza wembe. Waya baridi inakwama na wembe unaruka, kwa hiyo vaa glavu ya ngozi na uvute mkono ukienda mbali na wembe.

Kabla ya kupima kilo, hakikisha ni shaba kweli. Waya nyingi za bei rahisi ni alumini au chuma kilichopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, alumini inaonyesha weupe. Kwa chuma tumia sumaku, lakini iguse katikati ya waya. Kichwa cha USB mara nyingi kina ganda la chuma, na lile donge jeusi kwenye waya wa laptopu ni feraiti, vyote vinashika sumaku hata waya ukiwa shaba tupu. Alumini ikichanganyika na shaba, mnunuzi atalipa gunia zima kwa bei ya chini.

Chaja zenyewe sikuzifungua, na sikushauri uzifungue. Ndani kuna kapasita inayojazwa na umeme wa ukutani hadi karibu volti 340. Chaja nzima huimaliza chaji hiyo yenyewe, ila iliyokufa kwa kuungua swichi yake inaweza kuishikilia muda baada ya kuchomolewa, na ya laptopu inapiga vibaya. Kilichomo pia hakilipi jasho lako: transfoma ndogo yenye shaba kidogo, pini za shaba nyeupe au chuma, na bodi ya daraja la chini ambayo dhahabu yake ni kidogo mno ukilinganisha na bodi ya simu. Bodi hizo zina faida zikikusanywa kwa tani na kupelekwa kwenye mitambo ya kuyeyusha kama wa Umicore kule Hoboken, Ubelgiji. Zinazolipa ni zile chaja nzito za simu za zamani: uzito wake ni transfoma ya mabati ya chuma na shaba, na wakusanyaji huzipokea kwa furaha.

Plastiki ya chaja usiitie kwenye gunia la chupa na madumu. Imewekwa dawa za kuzuia moto, mara nyingi zenye bromini, na inaharibu mzigo mzima wa mwenye kusaga plastiki. PVC niliyomenya niliiweka kwenye mfuko wake, nayo haichanganyiki na madumu.

Chaja, waya za USB na maganda nilipeleka WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za kielektroniki hapa Nairobi. Pawabanki na spika zenye betri zifungashe kando na uzibe ncha zake za umeme kwa utepe, kwani betri ya lithiamu ikipondwa chini ya mzigo inawaka, na waya za katoni ndizo zitakazoushika moto huo.