Nilivyoisafisha PDF ya tasnifu: komenti, hailaiti na vijinoti vya njano

Napanga kurasa za vitabu na tasnifu hapa Morogoro, na kazi nyingi hunifikia zikiwa zimebakiza hatua ya mwisho tu. Hii ilikuwa tasnifu ya uzamili kuhusu migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji. Mwenyewe alitaka nakala safi ya kupeleka maktaba ya chuo, ambako mtu yeyote angeweza kuipakua. Wasimamizi wake wawili walikuwa wameisoma humohumo kwenye PDF, kwa hiyo kurasa zilijaa rangi ya njano, mistari iliyokatwa na vijinoti pembeni.

Kijinoti kimoja kilinifanya nisimame. Kwenye tasnifu, wahojiwa hawatajwi, wanaitwa Mhojiwa wa 1, wa 2 na kuendelea. Kwa mmoja wao, msimamizi alikuwa ameandika pembeni swali akitaja cheo cha mtu huyo na kijiji chake. Yeyote ambaye angefungua kijinoti kile angemjua.

"Dada, si tukizificha tu hazitaonekana?" mwenye tasnifu akaniuliza.

"Zitaonekana, kaka. Kuficha ni kwenye skrini yako wewe. Faili ikifika kwa mwingine, programu yake itazionyesha."

Komenti ya PDF haiandikwi ndani ya maneno ya ukurasa. Inakaa kama kitu cha pekee kilichobandikwa juu ya ukurasa, kikiwa na aina yake, jina la aliyeiweka, tarehe na maneno yake. Kwa hiyo inawezekana kuibandua bila kugusa matini. Ila linki za kubofya nazo zinabandikwa kwa mtindo huohuo, na ndiyo maana mtu akitumia njia ya kufuta kila kilichobandikwa, orodha ya yaliyomo inaacha kubofyeka.

Kama faili ya Word ingekuwa ndiyo ya mwisho, ningetoa PDF mpya na kazi ingeishia hapo. Lakini kurasa za sahihi zilikuwa zimeskaniwa na kuingizwa baadaye kwenye PDF, pamoja na alamisho za kila sura. Kurudi Word kungekuwa kuanza upya. Kuprinti kwenda PDF nako nilikukataa, kwa sababu linki na alamisho hupotea, na ukisahau kuchagua `Document` badala ya `Document and Markups`, hailaiti zinageuka wino wa ukurasa moja kwa moja.

Nikafungua nakala kwenye Acrobat Reader, nikaenda kwenye orodha ya komenti upande wa kulia. Kwanza nilihakikisha hakuna kichujio kilichowashwa, kwa maana ukichuja kwa jina la msimamizi mmoja, za mwenzake hazionekani na unadhani umemaliza. Nikabofya komenti moja ndani ya orodha, nikabonyeza `Ctrl+A`, kisha `Delete`. Zikaondoka karibu zote. Chache ziligoma kwa kuwa zilikuwa zimefungwa. Hizo nilizibofya kitufe cha kulia, nikaingia `Properties`, nikaondoa tiki kwenye `Locked`, ndipo zikafutika. Linki hazikuguswa, kwa sababu orodha hiyo haizihesabu kuwa komenti.

Wengi huishia hapo, wakabonyeza `Ctrl+S` na kutuma. Nikamwonyesha yule kaka kwa nini mimi siishii hapo. Tulitazama ukubwa wa faili: baada ya kufuta komenti zote, faili ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua. PDF inaruhusiwa kuhifadhiwa kwa kuongezewa mkiani. Ya zamani inaachwa palepale, na mwishoni yanaongezwa maelezo mapya yanayosema vitu fulani havitumiki tena. Kila nyongeza inafungwa kwa alama `%%EOF`. Nilichukua nakala, nikaifungua kwenye kihariri kinachoweza kusoma faili za namna hii bila kuziharibu, nikakata kila kilichofuata baada ya `%%EOF` ya toleo la kabla ya kufuta, nikahifadhi. Tulipoifungua, kijinoti kilichotaja kijiji kilikuwa kimerudi mahali pake, na swali lake zima. Kaka yule alinyamaza, kisha akasema, "Hii haitoki hapa mpaka iishe kabisa."

Dawa yake ni kuiandika faili upya yote. Natumia qpdf, programu ya bure inayofanya kazi kwa amri. Inafuata vile tu ambavyo hati bado inavitumia na kuviandika kwenye faili mpya, vilivyoachwa havihamishwi:

```
qpdf imefutwa.pdf safi.pdf
```

Baada ya hapo nakagua. Kutafuta jina la kijiji ndani ya faili hakutoshi, kwa sababu maneno ya komenti mara nyingi yamehifadhiwa kwa usimbaji ambao utafutaji wa kawaida hauupati, au yamebanwa pamoja na vitu vingine. Natafuta aina ya kitu. Naifungua faili iwe ya kusomeka kwa ajili ya ukaguzi tu:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable safi.pdf kagua.pdf
```

Kisha `kagua.pdf` naifungua kwenye Notepad++ na kutafuta `/Subtype /Highlight`, ambayo ni hailaiti, na `/Subtype /Text`, ambacho ni kijinoti. Natafuta pia `/StrikeOut`, `/FreeText`, `/Ink` na `/Popup`. Zote zilitoa sifuri. Halafu nikahesabu `/Subtype /Link` kwenye faili ya mwanzo iliyofunguliwa kwa amri hiyohiyo na kwenye hii mpya. Idadi ilikuwa sawa, maana yake yaliyomo yamebaki salama.

Bado ukurasa mmoja wa sura ya nne ulikuwa na mistari mitatu ya njano. Nilipoibofya haikushikika, na kwenye orodha ya komenti haikuwepo. Hiyo si hailaiti tena, ni rangi iliyochapwa ndani ya ukurasa. Nilipouliza, ikajulikana kwamba ukurasa huo uliwahi kuhifadhiwa kutoka kwenye programu ya simu, kisha ukarudishwa ndani ya tasnifu. Rangi ya namna hiyo haifutiki kwa njia yoyote ya komenti. Nilitengeneza PDF ya ukurasa huo mmoja kutoka Word, nikaiita `mpya.pdf`, nikalinganisha neno la kwanza na la mwisho ili matini isirudie wala isiruke, kisha nikaubadilisha:

```
qpdf safi.pdf --pages safi.pdf 1-60 mpya.pdf 1 safi.pdf 62-z -- mwisho.pdf
```

Kuiweka `safi.pdf` mwanzo wa amri ndiko kunakolinda alamisho. Jambo la kuangalia ni kama kuna linki au alamisho inayolenga ukurasa unaoutoa, maana hiyo itakatika na lazima itengenezwe upya. Hapa ukurasa wa 61 haukuwa mwanzo wa sehemu yoyote wala haukuwa na jedwali, kwa hiyo hakuna kilichokatika.

Nikarudia ukaguzi wote kwa `mwisho.pdf`, nikabofya yaliyomo sura kwa sura, nikaifungua na kwenye simu, kwa kuwa simu nyingine huonyesha vialama vya komenti ambavyo kompyuta imevificha. Sahihi zake zilikuwa picha za skana, hivyo hazikuathirika. Zingekuwa sahihi za kidijitali, ningemwambia asafishe kwanza na kusaini baadaye, kwa sababu faili ikiandikwa upya sahihi ya namna hiyo inakuwa batili. Nakala ya wasimamizi yenye komenti zote aliiweka kwenye diski yake mwenyewe yenye nywila, na maktaba ikapelekewa `mwisho.pdf` peke yake.