Ukaguzi, mapitio na taratibu zilizokubaliwa: nilivyozieleza kupitia mteja mmoja wa dagaa

Kila mwaka ofisi yetu hapa Mwanza hupokea wanafunzi wa uhasibu wanaokuja fildi. Karibu wote hufika wamekariri kwamba ukaguzi hutoa uhakikisho wa juu ingawa si kamili, mapitio hutoa uhakikisho wa kadiri, na kazi ya taratibu zilizokubaliwa haitoi uhakikisho wowote. Ni sahihi kabisa. Lakini ukimwambia mwanafunzi huyo, "Haya, kesho tunakwenda kwa mteja, utafanya nini?" anakwama. Njia iliyonisaidia kuwaelewesha ni kuwapitisha kwenye faili la mteja mmoja tuliyemfanyia kazi zote tatu. Takwimu nimezibadilisha ili kulinda siri yake.

Mteja huyu ana kampuni inayonunua dagaa wakavu kutoka visiwani na kuwauza kwa jumla, na ghala lake liko Kirumba, karibu na soko la Mwaloni. Tulianza na ukaguzi wa hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba. Mauzo ya mwaka yalikuwa shilingi bilioni 2.4, faida ghafi asilimia 18, na dagaa waliokuwa ghalani waliandikwa vitabuni kwa milioni 180. Kiwango cha uzito, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu, tulikiweka milioni 24, ambayo ni asilimia 1 ya mauzo.

Kwa kuwa thamani ya bidhaa ghalani ilikuwa mara nyingi ya kiwango hicho, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISA 501, kilitutaka tuwepo wakati wa kuhesabu. Tukaenda. Tulichagua magunia sakafuni tukayatafuta kwenye karatasi ya hesabu, kisha tukachagua mistari kwenye karatasi tukayatafuta magunia yenyewe. Ukifanya upande mmoja tu, utagundua yaliyoachwa au yaliyoongezwa, si yote mawili. Tulipima baadhi kwenye mizani, maana gunia la dagaa waliokaushwa mchangani linaweza kubeba mchanga unaolipwa kama samaki.

Safu ya nyuma ndiyo iliyotupa kazi. Mtunza ghala, mzee wa makamo, alituambia bila kuficha: "Hao walinyeshewa, mwanangu. Watu hawawali tena hao, ni wa kuku." Kuhesabu peke yake kusingetosha hapo, kwa sababu magunia yalikuwepo na idadi ilikuwa sahihi. Swali lilikuwa bei. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka bidhaa ziandikwe kwa gharama au kwa kiasi zitakachoingiza zikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuziuza, kile kilicho kidogo. Tukachukua ankara za Januari za dagaa wa kuku, tukalinganisha na gharama ya kununulia, na kampuni ikakubali kushusha thamani ya safu ile. Tukaangalia pia mizigo ya mwisho wa Desemba kuona kama kila kilichoingia ghalani kabla ya mwaka kufungwa kimeingizwa kwenye manunuzi ya mwaka huohuo. Baada ya kazi ya namna hiyo kwenye kila eneo zito ndipo tulipoweza kuandika kwamba kwa maoni yetu hesabu zinaonesha hali halisi na ya haki katika mambo yote ya msingi.

Mwaka uliofuata mwekezaji aliyetaka kuingia ubia aliomba hesabu za nusu mwaka hadi 30 Juni zifanyiwe mapitio. Kwa kuwa sisi ndio wakaguzi wa kampuni, tulifuata kiwango cha kimataifa cha mapitio, ISRE 2410. Angekuwa mhasibu mwingine asiye mkaguzi wake, angefuata ISRE 2400. Wanafunzi wengi huzichanganya hizo mbili.

Safari hii hatukwenda kuhesabu magunia. Hatukuwaandikia wadaiwa barua za kuthibitisha madeni, wala hatukujaribu mifumo ya udhibiti. Kazi ya mapitio kwa sehemu kubwa ni kuuliza wahusika na kuchambua takwimu kuona kama zinasimulia jambo linaloeleweka. Ndiyo maana mapitio huchukua muda mfupi, na ndiyo maana uhakikisho wake ni mdogo. Hata hivyo, kuuliza bila kuijua biashara hakusaidii kitu.

Mauzo ya miezi sita yalikuwa bilioni 1.2 na faida ghafi milioni 324, yaani asilimia 27. Mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 18. Kwa asilimia 18, faida ingekuwa milioni 216, kwa hiyo tulikuwa na milioni 108 za ziada zisizo na maelezo. Tukamuuliza mhasibu wa kampuni kama bei ya dagaa ilipanda. Akasema haikupanda kiasi hicho.

Hapa ndipo pa kusimama na wanafunzi kwa muda mrefu zaidi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni mapitio, unaandika jibu la mhasibu na kuendelea. La hasha. Jambo likikutia shaka kwamba hesabu huenda zina kosa zito, unalazimika kuuliza zaidi au kufanya kazi ya ziada mpaka ujue. Tukaomba hati za kupokelea mizigo za wiki ya mwisho ya Juni na ankara zilizoingizwa Julai. Mzigo wa milioni 108 ulikuwa umepokelewa Juni kwa mkopo. Ulihesabiwa ghalani, lakini haukuwa umeingizwa kwenye manunuzi. Bidhaa zilizobaki ghalani mwisho wa Juni zikaonekana nyingi kulinganisha na manunuzi, gharama ya mauzo ikashuka, faida ikapanda, na deni la wauzaji likapungua kwa kiasi hichohicho. Kampuni ilirekebisha, faida ikarudi asilimia 18. Ripoti yetu ikasema kwamba kwa mapitio tuliyofanya, hakuna jambo lililotufikia la kutufanya tuamini kuwa hesabu hazikuandaliwa, katika mambo yote ya msingi, kwa kufuata viwango vya uhasibu husika. Hatukusema "ni sahihi", kwa sababu magunia yenyewe hatukuyaona.

Kazi ya tatu ilitoka kwa mkopeshaji aliyeikopesha kampuni fedha za kujenga vichanja vya kukaushia dagaa. Barua yake ya kwanza ilitutaka "tuhakiki kama fedha zimetumika ipasavyo". Tuliirudisha kwa adabu. Chini ya ISRS 4400, kiwango cha kimataifa cha kazi ya taratibu zilizokubaliwa, kila utaratibu lazima uandikwe kwa namna ambayo wahasibu wawili wakiufanya watapata jibu moja, na neno "ipasavyo" kila mtu ana lake. Tukakubaliana hivi: tuchukue malipo yote 30 yaliyo kwenye orodha ya mradi, tulinganishe kila moja na risiti ya EFD kwa kiasi, jina la muuzaji na tarehe.

Malipo 27 yalilingana. Moja halikuwa na risiti, moja risiti ilipungua shilingi 40,000, na moja tarehe ilikuwa ya kabla ya mkopo kutolewa. Yote matatu yaliingia kwenye ripoti, hata ile ya 40,000. Katika kazi hii hakuna kiwango cha uzito cha kukuruhusu kuiacha tofauti ndogo, na hakuna maoni wala hitimisho. Unataja ulichofanya na ulichokuta, basi.

Afisa wa mkopeshaji alinipigia simu baada ya kuisoma. "Sasa dada, niseme fedha zilitumika vizuri au hapana?" Nikamweleza kwamba hukumu hiyo ni yake, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua taratibu na ndiye anayejua masharti ya mkopo. Kama anataka sisi tutoe hitimisho, hiyo ni kazi nyingine, yenye makubaliano mengine na ada nyingine. Akaamua kuiandikia kampuni kuhusu yale malipo matatu.