Mapumziko ya Mfunguo Mosi

Ramadhani ya 2022 nilijipangia kutoa video ya futari kila siku kwenye chaneli yangu ya mapishi. Kabla ya hapo nilikuwa nikitoa mbili kwa wiki, lakini mwezi huo ndio watu hutafuta mapishi kuliko mwezi mwingine wowote. Asubuhi Marikiti, mchana napika na kurekodi mwanga wa dirishani ukiwa bado mzuri, na baada ya tarawehe nahariri hadi daku.

Kumi la mwisho tukafikia mkate wa sinia. Mchele nilikuwa nimeuroweka usiku, nikausaga kwa tui zito, sukari, hiliki na hamira, nikauacha uumuke. Mdogo wangu ndiye aliyeshika simu. Vipovu vilipoanza kutokea juu ya unga, wakati ambao siku zote humwita kila aliyemo nyumbani aje kuona, nilimwambia achukue upesi tumalize.

“Dada,” akaniambia, “leo hata hujafurahi.”

Idi ikapita, nikalala nikatosheka. Mwili ukarudi, ila simu ikilia kwa maoni mapya kifua kinanibana. Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, likasema si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi, na likataja dalili 3: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba huiwezi tena kama zamani. Kwangu ya kwanza iliondoka kwa usingizi, mbili zikabaki. Hapo ndipo nilipojua kwamba kulala zaidi hakutanisaidia.

Nikakaa na mama mdogo, daftari mbele yetu, tukaandika kila hatua ya video moja ya dakika 6. Sokoni saa moja, kupika na kurekodi saa 3, kuhariri saa 3 nyingine, kuingiza sauti na maandishi saa 2, picha ya jalada na kujibu maoni saa moja na zaidi. Kisha akaniuliza kuhusu kila hatua: hii ukiifikiria unataka kuamka? Soko, ndiyo. Jiko, ndiyo, ila si kila siku. Kuanzia kuhariri kwenda chini nilijibu hapana, hapana, hapana.

Jibu hilo lilinifaa sana. Kama kila hatua ingekuwa nzito, ningeiacha kazi kwa muda mrefu bila kuahidi kurudi. Kama tatizo lingekuwa wingi peke yake, ningepunguza idadi na kuendelea. Kilichonielemea mimi ni namna ya video yenyewe: kukatakata mapishi vipande vya sekunde chache, halafu kuyasimulia upya usiku. Nilihitaji kubadili umbo, na mtu hawezi kubuni umbo jipya huku anakimbizana na video ya kesho. Basi nikaamua kusimama kwanza.

Hofu ilikuwa kupoteza watazamaji. Nikafungua YouTube Studio nikaangalia wanatokea wapi. Wengi waliletwa na utafutaji, na pilau niliyoipika miaka ya nyuma ilizizidi video zote za Ramadhani ile. Mapishi hudumu, anayetoa habari au vichekesho vya siku hana akiba hiyo, naye akisimama mapato hushuka haraka. Tena YouTube inaweza kuizima njia ya mapato ya chaneli ikikaa miezi 6 bila video wala chapisho, kwa hiyo nikachagua tarehe iliyo ndani ya muda huo na kuwaandikia watu: nitarudi Mfunguo Tano. Mwenye duka la unga alikuwa ameshanilipa video 3. Moja nikaitoa kabla ya kusimama, mbili akakubali zisubiri. Nenosiri nikamwachia mdogo wangu, naye akawa akinisomea ujumbe wa biashara tu.

Niliporudi nilikuja na video moja kila wiki 2. Simu mbili zimesimama kwenye stendi, mimi na mama mdogo tunapika na kuzungumza kwa takriban dakika 25, sauti ni ileile ya jikoni, na nakata mwanzo na mwisho tu. Vipimo naviandika chini ya video, kwa hiyo maswali ya “sukari kiasi gani” yamekwisha. Kuhariri hakufiki saa moja. Jumla ya watazamaji wa mwezi ilishuka, hilo sifichi, ila waliobaki wanakaa na video muda mrefu kuliko zamani.

Ramadhani iliyofuata nilirekodi zote Shaabani, nne tu, nikazipanga zitoke Ijumaa kwa Ijumaa. Mwenye duka alitaka kumi. Nikamwambia ziko nne, akalipia nne.