Jiwe nyuma ya tairi

Leo nimeshinda nikihariri hadithi fupi iliyoandikwa na kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya utingo kwenye malori. Msimulizi wake ni mtu mzima anayekumbuka usiku mmoja alipokuwa na miaka 16, akisafiri na mjomba wake kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na shehena ya saruji. Wakiwa katikati ya mlima Kitonga, kabla ya kufika Ilula, injini inazimika na lori linaanza kurudi nyuma. Hadithi ni nzuri, na mwandishi anaijua barabara ile kwa miguu yake. Kilichonikalisha mezani mpaka jioni ni vitenzi, pamoja na jicho la msimulizi linalotoka kichwani mwake na kwenda kukaa kichwani mwa watu wengine.

Ameniruhusu ninakili hapa aya iliyonitoa jasho:

"Lori lilipoanza kurudi nyuma niliruka chini na jiwe mkononi. Mjomba anakanyaga breki lakini hazishiki. Alikuwa na hofu kubwa, akamkumbuka mdogo wake Saidi aliyefia mlima ule ule. Uso wangu ulikuwa umepauka. Naweka jiwe nyuma ya tairi na lori linasimama. Dereva wa basi lililokuwa nyuma yetu aliwaza kugeuza, akaona barabara ni nyembamba. Leo nimeokoa roho zetu."

Nilianza na nyakati. Huwa nachapisha kurasa, nachukua penseli na kupigia mstari vitenzi peke yake bila kujali hadithi inasema nini: -li- na -ka- mstari mmoja, -na- mistari miwili, -me- nazungushia duara. Ukimaliza ukurasa unaona mara moja wapi mistari miwili imejazana. Kwake ilijazana mlimani tu. Mwanzo wa safari pale Dar, chai waliyokunywa Mikumi, yote iko katika wakati uliopita bila kuyumba. Hali ilipochafuka ndipo -na- ikaingia. Naliona hili kwa waandishi wengi, na sababu yake inaeleweka: mtu akifika mahali panapomchoma huacha kukumbuka, anaanza kuona. Mkono unaandika kinachoonekana sasa hivi.

Lakini si kila -na- iliyo katikati ya -li- ni kosa, na hapa ndipo wahariri wengi huharibu kazi ya watu. Kiswahili kinaruhusu kitenzi cha pili kuning'inia kwenye wakati wa kitenzi cha kwanza. "Nilimwona anakanyaga breki" ni sentensi safi kabisa. Kukanyaga kulitokea wakati ule ule wa kuona. "Nilimkuta amelala" nayo ni safi. Anayebadilisha kila kitu kuwa -li- atatuandikia "nilimkuta alilala", na hiyo haisemi kitu kile kile.

Jaribio ninalolitumia ni kuweka -ki- mahali pa -na-. "Nilimwona akikanyaga breki" inasimama vizuri, kwa hiyo -na- ile ilikuwa imening'inia mahali halali. Sasa chukua sentensi yake: "Mjomba anakanyaga breki." Ukiweka -ki- unapata "Mjomba akikanyaga breki," na msikilizaji anabaki anangoja, akikanyaga kunakuwaje? Hakuna kitenzi kinachoishika. Hiyo ndiyo -na- iliyoruka uzio. "Naweka jiwe" na "lori linasimama" zilianguka kwenye jaribio hilo hilo.

Jaribio lina mipaka yake. Baada ya vitenzi vya kusema, kujua na kudhani, -na- hubaki hata kama -ki- haikai: "alisema anakuja," "nilijua ananidanganya." Ukilazimisha "alisema akija" umeshabadilisha maana. Pia kuna mambo ambayo ni kweli hata leo msimulizi anapoyasimulia. Mahali pengine ameandika "Kitonga ina kona kali na upande mmoja ni korongo," na mwandishi mwenzake alishamwambia aigeuze iwe "ilikuwa na kona kali." Nimeirudisha. Mlima upo, kona zipo, na msimulizi mzima ana haki ya kuutaja kama anavyoujua sasa.

Tulipozungumza kwa simu aliniuliza swali zuri: "Dada, mbona sisi tukihadithiana kijiweni ndivyo tunavyosema? Basi bwana, namwangalia hivi, ananijia." Ni kweli, na sitaki mtu yeyote amnyang'anye sauti hiyo. Tofauti ni kwamba kijiweni ana uso, ana mikono, ananyamaza kabla ya kuhamia kwenye "namwangalia". Msikilizaji anaona mlango ukifunguliwa. Kwenye karatasi mlango huo lazima ujengwe: aya mpya, na tukio zima likae katika wakati uliopo tangu injini inapozima mpaka lori linaposimama, ndipo arudi kwenye -li-. Kwake ilikuwa sentensi moja ndani, moja nje, moja ndani. Hapo msomaji haoni tena mlima, anaona mwandishi anavyohangaika.

Tulifikiria kuliandika tukio lote katika -na-. Kilichotuzuia ni mwisho wa hadithi, ambako msimulizi anasema kwamba mjomba aliacha udereva mwaka uliofuata na kwamba yeye mwenyewe alichelewa sana kuelewa kwa nini. Uzito wa hadithi uko kwa yule mtu mzima anayeangalia nyuma. Kumwondoa mlimani, mahali anapohitajika kuliko kote, kungeivunja hadithi vipande viwili. Kwa hiyo ukabaki wakati uliopita.

Kuurudisha wakati uliopita si kubandika -li- kila mahali. Jaribio lake la kwanza la kurekebisha lilisomeka "niliruka, niliweka, lilisimama, nilipumua," kama maelezo yaliyoandikishwa polisi. Kwa masimulizi tunayo -ka-, na ina kazi yake: -li- inalifungua tukio, -ka- inalisukuma hatua kwa hatua. Unarudi kwenye -li- pale jicho linapohama au muda unapokatika. Jambo ambalo -ka- haiwezi ni kurudi nyuma. Mahali anapoeleza kwamba asubuhi ya siku ile, kabla ya safari, mjomba alikagua breki, ameandika "akakagua breki", na msomaji anadhani breki zinakaguliwa pale pale lori linapoporomoka. Hapo hakuna ujanja, ni "alikuwa amezikagua" tu.

Baada ya nyakati ndipo nikaligeukia jicho. Nilimwomba achore mahali kila mtu alipo: yeye yuko chini, nyuma, kwenye tairi, usiku. Mjomba yuko kwenye kiti cha dereva, mbele. Basi liko nyuma, taa zake zinamulika mgongo wa lori. Kisha nikamuuliza: kutoka hapo ulipochuchumaa, unamwona mjomba? Akasema hapana. Sasa hofu yake umeijuaje? Na kwamba alimkumbuka Saidi, nani kakwambia?

Alinyamaza, halafu akasema, "Aliita jina lake."

Kumbe anayo! Mjomba, lori linarudi nyuma, hakumwita mpwa wake, alipiga kelele "Saidi! Saidi!" Mwandishi alikuwa na sauti hiyo masikioni miaka yote hii, akaificha chini ya "akamkumbuka mdogo wake". Ndiyo maana sipendi kurekebisha kuhama kwa mtazamo kwa kufuta tu. Mara nyingi pale msimulizi alipoingia kichwani mwa mwingine pana kitu alichokiona au alichokisikia, ila amekiruka ili awahi kutupa tafsiri yake.

Uso uliopauka ni hali tofauti kidogo. Hakuna anayeuona uso wake mwenyewe gizani, na sentensi hiyo ilikuwa imeandikwa na mtu aliyesimama pembeni akimwangalia kijana. Hii inatokana na rasimu ya kwanza, ambayo ilikuwa katika nafsi ya tatu. Mtu akihamisha hadithi kutoka "yeye" kwenda "mimi" hukumbuka viambishi vya mwanzo wa vitenzi na kusahau vilivyojificha: "alimtazama" inayotakiwa kuwa "alinitazama", "mkononi mwake" inayotakiwa kuwa "mkononi mwangu". Nimevikuta viwili vya aina hiyo ukurasa wa tatu. Kwenye kompyuta ni rahisi kutafuta "yake", "wake" na "mwake" kimoja kimoja na kuuliza ni cha nani.

Dereva wa basi hatukuwa na namna ya kumsikia mawazo. Zipo njia halali: msimulizi anaweza kusema alisimuliwa baadaye, au akakisia na kuonyesha kwamba anakisia. Alijaribu kukisia, na aya ikajaa "labda" na "nadhani" wakati ambapo hakuna mtu aliye na nafasi ya kukisia. Tukaacha taa zenyewe ziseme. Ile "leo" ya mwisho nayo iliondoka na sentensi yake nzima. Kwa mtu mzima anayekumbuka, "leo" ni siku anayosimulia, na usiku ule ni "usiku ule". Hata angeiandika hivyo, kila msomaji alishaona nani aliyeweka jiwe.

Aya imekaa hivi sasa:

"Lori lilianza kurudi nyuma. Nikaruka chini na jiwe mkononi, nikakimbilia tairi la nyuma. Breki zilikuwa zinalia lakini hazikushika. Kutoka mbele nilimsikia Mjomba anaita, 'Saidi! Saidi!' Mimi siitwi Saidi. Saidi alikuwa mdogo wake, aliyefia mlima ule ule kabla sijazaliwa. Nikalisukuma jiwe chini ya tairi. Lori likalipanda kidogo, likasimama. Nyuma yetu taa za basi zilirudi hatua chache, zikatulia. Nilitaka kuitika, lakini mdomo ulikuwa umekauka."

Angalia "anaita": ni -na- iliyobaki, inaning'inia kwa "nilimsikia". Na "siitwi" imebaki katika wakati uliopo kwa sababu hata leo hajabadili jina. "Nilitaka kuitika" ni yake, sikuigusa. Kijana anataka kuitikia jina la marehemu, na kwangu hiyo ndiyo sentensi bora ya hadithi nzima.

Bado ukurasa wa nne, ambako usiku huo huo mama yake yuko nyumbani Temeke, anaamka ghafla, anawasha taa na kukaa kitandani akisali. Msimulizi yuko mlimani. Nimemwandikia pembeni: "Haya nani alikusimulia, na lini?" Kama ni mama mwenyewe, sentensi moja ya "Mama aliniambia baadaye" inatosha kulibeba tukio, ila kwa maneno ya mama na si kwa jicho lililoingia chumbani. Kama hakuna aliyemsimulia, ukurasa huo unatoka.